Dai na Sababu: Jinsi ya Kupima Kama Sababu Inaeleza Kweli

Dai: Kwenye kilele cha Kilimanjaro maji huchemka chini ya nyuzi 100 za Selsiasi.
Sababu: Hewa ya kileleni ni ya baridi kuliko hewa ya chini ya mlima.

Dai ni kweli. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka pale kwenye nyuzi 80 hivi. Sababu nayo ni kweli, na yeyote aliyefika Kibo alfajiri atakuapia. Kila nikitoa swali hili kwenye tuisheni, nusu ya darasa huandika A, yaani sababu inaeleza dai, bila kusita, na wote walioandika A wamekosa. Baridi ya hewa haihusiki. Ingia na jiko lako kwenye chumba baridi cha kuhifadhia samaki pale Dar es Salaam, uchemshe maji: yatachemka kwenye nyuzi 100 kama yanavyochemka jikoni kwako. Kinachoyafanya yachemke mapema mlimani ni kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri unavyopanda.

Maswali ya namna hii yanajulikana sana Uganda, ambako UNEB iliyaweka kwa miaka mingi katika karatasi za kuchagua za sayansi, na India, ambako CBSE huyatumia darasa la 10 na la 12. Mtahiniwa hupewa sentensi mbili na machaguo manne. A: zote mbili ni kweli na sababu inaeleza dai. B: zote ni kweli, lakini sababu haielezi dai. C: dai ni kweli, sababu si kweli. D: dai si kweli, sababu ni kweli. Baadhi ya mitihani huongeza chaguo la tano kwa pale zote mbili zinapokuwa si kweli. Soma maelekezo ya karatasi yako hata kama umeyazoea, kwa maana kuna mitihani inayobadilisha mpangilio wa herufi, na ni uchungu kukosa swali ulilolijua kwa sababu uliandika B ya mwaka jana.

Kwanza: zitenganishe

Weka kiganja juu ya sababu. Soma dai peke yake, kana kwamba ni swali la kweli au si kweli, kisha andika K au S pembeni kwa penseli. Hamisha kiganja, funika dai, usome sababu peke yake. Andika tena K au S.

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayookoa alama nyingi. Neno "kwa sababu" lina gundi. Likikaa katikati ya sentensi mbili, sikio husikia hoja moja inayotiririka vizuri, na akili haikagui tena vipande vyake. Tazama:

Dai: Majani ya mimea mingi huonekana ya kijani.
Sababu: Klorofili hufyonza mwanga wa kijani zaidi ya mwanga wa rangi nyingine.

Ukiisoma kwa mkupuo inapendeza: klorofili, kijani, majani, kila kitu kipo. Sasa funika dai, usome sababu pekee. Klorofili hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Ule wa kijani haufyonzwi sana, nao ndio unaorudi machoni petu. Kwa hiyo sababu si kweli, na jibu ni C. Kama klorofili ingemeza mwanga wa kijani, jani lisingekuwa la kijani hata kidogo.

Upande wa pili, chunga maneno yanayofunga mlango: "zote", "daima", "pekee", "kamwe". Dai linaloanza na "Ateri zote hubeba damu yenye oksijeni nyingi" limeangushwa na ateri moja tu, ile inayopeleka damu kwenye mapafu. Ikiwa sababu iliyo chini yake inasema "Ateri hutoa damu kwenye moyo na kuipeleka sehemu nyingine", hiyo ni kweli, na jibu ni D.

Ukishapata S mahali popote, umemaliza. Dai likiwa S kwenye karatasi yenye machaguo manne, jibu ni D hata kama sababu huielewi vizuri. Sababu ikiwa S, jibu ni C. Usianze kujiuliza kama inaeleza au haielezi, kwani jambo lisilo la kweli halielezi kitu. Nimeona wanafunzi wakipoteza dakika nzima hapo.

Kazi halisi huanza unapopata K mbili.

Pili: jibu "kwa nini" kabla ya kurudi kwenye sababu

Sababu ikiwa bado imefunikwa, geuza dai liwe swali na ujijibu mwenyewe kwa sentensi moja. Kwa nini maji huchemka mapema mlimani? Kwa sababu maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na kanieneo ya hewa inayoyakalia, na juu kule kanieneo hiyo ni ndogo. Sasa funua. Kama sababu iliyoandikwa ni jibu lako, au kiungo kimojawapo cha jibu lako, mwelekeo ni A. Kama inazungumzia kitu ambacho hukukitaja kabisa, shuku B, kisha uipime.

Faida ya kujijibu kwanza ni kwamba mtunzi wa swali hakuongozi. Sababu iliyochapishwa ina mamlaka yake. Ukiisoma ukiwa huna jibu lako, utatafuta njia ya kuifanya ifae.

Hapa panazuka swali ambalo wanafunzi huniuliza kila mara: je, sababu lazima itaje mnyororo wote? Hapana. "Kanieneo ya hewa hupungua kadiri unavyopanda" haikutaja mvuke wala msukumo wake, ila ni kiungo kinachoshika mnyororo, na jibu ni A. Hata dai likisogea mbele hatua moja zaidi, kwa mfano "Maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva milimani", sababu hiyo hiyo bado inaeleza: kanieneo ndogo, maji yanachemka kwenye joto dogo, maharage yanapikwa kwa joto dogo, yanachelewa. Kipimo ni kama unaweza kutoka kwenye sababu hadi kwenye dai kwa hatua unazoweza kuzitaja, kila moja ikiisukuma inayofuata. Ukilazimika kuleta ukweli mwingine mkubwa kutoka nje, na ukweli huo ndio unaofanya kazi yote, basi sababu iliyopo ni mpita njia.

Tatu: iondoe, halafu mtafute kuku

Vipimo viwili vifuatavyo ndivyo ninavyovitegemea zaidi. Cha kwanza: iondoe sababu kichwani, uone kama dai linabaki limesimama. Cha pili: tafuta mahali ambapo sababu haipo lakini dai lipo, au sababu ipo lakini dai halipo. Darasani tunakiita "kumtafuta kuku", na hii ndiyo asili yake:

Dai: Seli nyekundu za damu za binadamu husafirisha oksijeni.
Sababu: Seli nyekundu za damu za binadamu zilizokomaa hazina kiini.

Zote mbili ni kweli. Tena vitabu huzitaja pamoja katika aya moja, kwa hiyo zinaonekana kama ndugu. Lakini seli nyekundu za kuku zina kiini. Za chura zina kiini, za samaki pia. Na kuku anakimbia, anapanda mti, anamfukuza mwewe. Oksijeni inamfikia vizuri tu. Kumbe kukosa kiini si sharti la kubeba oksijeni. Kinachoibeba ni himoglobini. Jibu ni B.

Kuna anayebisha kila mwaka: "Lakini mwalimu, bila kiini kunakuwa na nafasi zaidi ya himoglobini." Ni hoja nzuri, ila soma dai. Halikusema seli hizo hubeba oksijeni nyingi kuliko ambavyo zingebeba zingekuwa na kiini. Limesema zinabeba. Dai lingeandikwa "Seli nyekundu za binadamu zina nafasi kubwa ya himoglobini", sababu ile ile ingeeleza, na jibu lingekuwa A. Neno moja kwenye dai linatosha kubadilisha jibu, ndiyo maana sichoki kuwaambia wapigie mstari kile hasa kinachodaiwa.

Jaribu sasa hili: "Seli nyekundu za binadamu hazitumii oksijeni zinayoibeba." Kweli, nishati yake huipata kwa kuvunja glukosi bila oksijeni. Sababu "hazina kiini" inaeleza? Hapana. Oksijeni hutumika ndani ya mitokondria, na seli hizi zimepoteza mitokondria pia. Sababu ingekuwa "hazina mitokondria", ingekuwa A. Kwa "hazina kiini" ni B, ingawa kiini na mitokondria vilitoweka katika safari moja ya kukomaa. Vitu viwili kuondoka pamoja hakufanyi kimoja kiwe sababu ya matokeo ya kingine.

Nne: angalia kama sababu ni ya dai la jirani

Watunzi wa mitihani hawapati B kwa kubahatisha. Mara nyingi huchukua sababu ya kweli ya jambo fulani na kuiweka chini ya jambo la jirani. Ukiweza kusema sababu hiyo ni ya nani, huna wasiwasi tena.

Dai: Barafu huelea juu ya maji.
Sababu: Maji yana densiti kubwa zaidi yakiwa kwenye nyuzi 4.

Swali hili limewapiga chenga hata watu wazima niliowapa. Nyuzi 4 zinaeleza kwa nini ziwa la nchi za baridi huanza kuganda kwa juu huku maji ya chini yakibaki karibu na nyuzi 4, na samaki wakiishi humo. Hiyo ni habari ya maji yakiwa bado maji. Barafu inaelea kwa sababu yenyewe ni nyepesi kuliko maji: sentimita moja ya ujazo ya barafu ina gramu 0.92 hivi, ya maji ina gramu 1. Na wepesi huo unatokana na molekuli za maji kujipanga zikiacha nafasi wazi kati yake zinapoganda. Jibu ni B.

Grafiti hutumika vivyo hivyo. Dai: grafiti hupitisha umeme. Sababu: tabaka za grafiti huteleza moja juu ya nyingine. Kuteleza ndiko kunakofanya penseli iandike, na ndiko kunakoifanya grafiti ifae kulainisha mashine. Umeme unapita kwa sababu kila atomi ya kaboni imeshikana na tatu nyingine tu, na elektroni moja inabaki huru kutembea. Kwa hiyo B.

Jirani mwingine ni yule aliyegeuzwa kichwa chini. Dai: sodiamu humenyuka kwa nguvu na maji. Sababu: sodiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa. Uhusiano upo, tena wa karibu sana, ila unakwenda upande mwingine: huhifadhiwa kwenye mafuta kwa sababu ina ukali huo. Mafuta hayakuipa ukali. Zipindue sentensi hizo mbili upate A. Ziache zilivyo ni B. Njia ya kugundua ni kuzisoma mara mbili kwa "kwa sababu", kwanza kama zilivyo, kisha kwa kubadilishana nafasi. Ile inayokaa vizuri zaidi ndiyo inayosema ukweli wa mwelekeo.

Swali moja hadi mwisho

Dai: Cape Town huwa na joto zaidi mwezi Januari kuliko Julai.
Sababu: Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwezi Januari kuliko Julai.

Funika sababu. Cape Town iko kusini, nyuzi 34 hivi chini ya ikweta, na Januari ni kiangazi chao. K.

Funika dai. Wengi hapa huandika S, kwa sababu waliambiwa kwamba umbali wa Jua hauleti majira, nao wakalikumbuka onyo na kusahau ukweli wenyewe. Njia ya Dunia si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari Dunia huwa kama kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai kama milioni 152. Sababu ni K. Aliyeandika S atachagua C na kukosa, ingawa anajua majira yanatokana na nini. Kwenye kufunika, unajibu kilichoandikwa, si kile unachohisi mtunzi anakitaka.

Sasa jijibu: kwa nini Januari ni joto Cape Town? Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.5, na mwezi huo nusu ya kusini imeelekea Jua. Miale inaanguka wima zaidi na mchana ni mrefu. Jibu langu halikutaja umbali. Shuku B.

Mtafute kuku. London iko kwenye Dunia hiyo hiyo, iliyo karibu na Jua Januari hiyo hiyo, na watu wake wamevaa makoti. Sababu ipo, dai halipo. Iondoe sasa: chukulia njia ya Dunia ni duara kamili, umbali haubadiliki mwaka mzima. Mhimili bado umeinama, na Cape Town bado inapata kiangazi Januari. Vipimo vyote vinaelekea upande mmoja. B.

Mwanafunzi makini atasema kwamba Dunia ikiwa karibu hupokea mwanga zaidi, hivyo umbali una mchango wake. Anasema kweli. Tofauti ya umbali ni karibu asilimia 3, na mwanga unaoifikia Dunia nzima hutofautiana kwa karibu asilimia 7. Huo ni mchango mdogo unaoongezea kile kinacholetwa na mwinamo. Lakini swali halikuuliza kama kuna mchango wowote. Limeuliza kama hiki ndicho kinachoeleza, na kitu kinachotoa matokeo ya kinyume London hakiwezi kuwa maelezo ya majira ya Cape Town. Ningetaja mfano wa Dar es Salaam badala ya Cape Town, ningekuwa nimetunga swali baya zaidi, kwa kuwa karibu na ikweta athari ya mwinamo ni ndogo na ule mchango wa umbali unapata uzito.

Pale swali lenyewe lina kasoro

Mwaka mmoja nilitunga hili, nikaligawa nikijivunia:

Dai: Mbu dume wa Anofelesi haambukizi malaria.
Sababu: Mbu dume hula utomvu mtamu wa maua na mimea.

Niliandika A kwenye karatasi yangu ya majibu. Binti mmoja wa kiti cha nyuma akachagua B na akaja kunidai alama yake. Hoja yake: mbu jike naye hula utomvu huo. Kama kula utomvu kungekuwa maelezo ya kutoambukiza, jike naye asingeambukiza. Kinachomtenga dume ni kwamba hanyonyi damu kabisa, wakati jike huihitaji kwa ajili ya mayai yake. Mimi kichwani nilikuwa nimesoma "hula utomvu tu", lakini "tu" sikuiandika. Alikuwa amemtafuta kuku, akampata ndani ya swali langu. Nikampa alama yake.

Kwenye mtihani wa taifa hakuna wa kumfuata baada ya kukusanya karatasi, kwa hiyo sababu iliyoandikwa kwa ulegevu wa aina hiyo ipime kama ilivyo. Usimsaidie mtunzi kwa kuongeza neno. Isipokuwa pale ambapo neno lililokosekana ni la kawaida kiasi kwamba kila kitabu cha darasa hulichukulia limo, kama "kwenye kanieneo ya kawaida" unaposoma kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukikataa dai hilo kwa sababu ya Kilimanjaro, umekuwa mjanja kupita swali.

Kwa mazoezi, siwapi maswali mapya kwanza. Nawapa sababu moja ya kweli na kuwaambia waitafutie madai matatu: moja ambalo inaeleza, moja la kweli ambalo haielezi, na moja lisilo la kweli. Wiki iliyopita sababu ilikuwa "Popo jike huwanyonyesha watoto wake." Mvulana mmoja aliandika: "Watoto wa popo hupata chakula chao cha kwanza kwa mama", hiyo ni A, "Popo huruka", hiyo ni B, na "Popo ni ndege", hiyo ni D. Aliyeketi karibu naye aliandika kwenye A yake "Popo ni mamalia". Wakaanza kubishana: popo ni mamalia kwa sababu ananyonyesha, au ananyonyesha kwa sababu ni mamalia? Kwenye karatasi ya mtihani ningeandika A, maana kunyonyesha ni mojawapo ya alama tunazotumia kumweka mnyama kwenye kundi hilo. Lakini niliwaacha waendelee hadi kengele ikalia.